Jinsi ya Kupiga Picha Dawa Zote Unazotumia ili Mfamasia Azipitie: Mwongozo Kamili

Picha inayotumwa kwa mfamasia mara nyingi ni ile ile: dawa zote zimemwagwa juu ya kitanda, flashi imewaka katikati ya bati linalong'aa, nusu ya majina hayasomeki, na chini yake kuna ujumbe mmoja: "Naomba uangalie kama zinagombana." Mfamasia hawezi kujibu hapo. Akikisia atakosea, na asipokisia atauliza maswali kumi ambayo picha nzuri ingeyajibu yenyewe.

Mwongozo huu unafaa kwa anayejipigia picha dawa zake na kwa anayempigia mzazi aliye mbali na mfamasia wake. Simu ya kawaida inatosha. Kwa mtu mwenye dawa nane au kumi, tenga kama saa moja, mchana, karibu na dirisha.

## Vifaa

- Simu yenye kamera, lenzi ikiwa imefutwa kwa kitambaa laini. Alama ya kidole kwenye lenzi huleta ukungu ambao watu wengi hudhani ni ubovu wa simu.
- Karatasi nyeupe mbili au tatu za A4 zisizo na mistari.
- Kalamu ya wino mzito, na vipande vidogo vya karatasi vya kuandikia namba.
- Rula. Kama huna, sarafu.
- Tochi ndogo au simu ya pili, kwa ajili ya vidonge vilivyochongwa herufi.
- Vyeti na kadi: kadi ya kliniki, cheti cha daktari, majibu ya vipimo ya karibuni.

## Hatua ya 1: Kusanya kila kitu, hata unachoona si dawa

Picha nzuri ya dawa saba haisaidii kama ya nane imebaki kwenye mkoba. Pita nyumbani mahali kwa mahali: kabati, kando ya kitanda, jikoni, friji, mkoba wa safari, mfuko wa koti. Kisha uliza kwa namna inayovuta jibu. Ukimuuliza mzazi "unatumia dawa gani?" atakutajia za hospitali tu. Muulize hivi: "Ukiumwa magoti unameza nini? Usiku ukikosa usingizi? Tumbo likijaa gesi? Kuna unga au chai yoyote unayokunywa kwa ajili ya afya?"

Vinavyosahaulika zaidi ni dawa ya matone ya macho, dawa ya kuvuta ya pumu, sindano na vipandikizi vya uzazi wa mpango, mafuta ya kuchua, vidonge vya madini ya chuma na kalsiamu, dawa za kiungulia, na miti shamba. Usidharau matone ya macho. Timololi, inayotumiwa kwa presha ya macho, huingia kwenye damu kupitia pua na koo, na inaweza kubana kifua cha mwenye pumu au kupunguza kasi ya moyo.

Chukua pia ulizoacha ndani ya mwezi mmoja uliopita na uziweke kando. Dawa nyingine hubaki mwilini siku kadhaa baada ya kuachwa.

Umefaulu ukiwa na rundo moja mezani na mtumiaji wa dawa amelitazama na kusema hakuna kilichobaki.

## Hatua ya 2: Zipe namba kabla ya kugusa kamera

Panga dawa kwa mstari na uipe kila moja namba kwenye kipande cha karatasi: 1, 2, 3. Namba hiyo itaonekana kwenye kila picha ya dawa hiyo. Simu ikishatuma picha ishirini, mpangilio huweza kuvurugika, na bila namba mfamasia hatajua kwamba ubavu huu wa boksi ni wa bahasha ile.

Usitoe vidonge kwenye pakiti zake ili vipendeze pichani. Usimwage chupa mbili kwa wakati mmoja. Fungua moja, piga picha, funga, ndipo uende kwenye nyingine. Vidonge vyeupe vya duara vikishachanganyika, huwezi tena kuvitenganisha kwa macho, na hapo umetengeneza hatari mpya wakati ukitafuta ya zamani.

## Hatua ya 3: Tengeneza mwanga

Zima flashi kabisa. Bati la vidonge ni kama kioo: flashi ikilipiga, doa jeupe huanguka juu ya jina lenyewe.

Weka karatasi nyeupe juu ya meza karibu na dirisha, jua lisiingie moja kwa moja. Simama upande ambao kivuli chako hakiangukii dawa. Kama bati bado linang'aa, usihamishe simu. Inua ukingo mmoja wa bati kidogo kwa kuweka kalamu chini yake, na mng'ao utahama.

Usiku tumia taa mbili, moja kila upande, au subiri asubuhi. Kusubiri ni bora.

## Hatua ya 4: Piga picha kila dawa, pande zake zote zenye maandishi

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, na kosa kubwa ni kukaribia mno. Simu nyingi haziwezi kuona vizuri kitu kilicho chini ya sentimita kumi hivi. Shikilia simu kwenye umbali wa sentimita ishirini hadi ishirini na tano, vuta karibu mara mbili kwenye skrini, gusa maandishi ili kamera iyalenge, subiri kidogo, ndipo ubonyeze. Egemeza viwiko mezani.

### Dawa yenye boksi

Piga picha mbele, kisha ubavu wenye maandishi madogo. Mbele ya boksi hukuambia jina la biashara. Ubavuni ndipo panapoandikwa kila kidonge kina nini: jina la kemikali na miligramu zake. Mfamasia anahitaji huo ubavu kuliko mbele. Dawa moja huuzwa kwa majina ya biashara mengi, na boksi moja linaweza kuwa na dawa mbili au tatu ndani ya kidonge kimoja.

Hakikisha herufi zinazofuata jina, kama SR, XR au MR, zimeingia kwenye picha. Kwa kawaida huonyesha kidonge kinachotoa dawa polepole, na kipimo chake hakilingani na cha kidonge cha kawaida.

### Karatasi ya vidonge, ile ya bati unayobinya kidonge kitoke

Piga upande wa bati wenye maandishi, kisha upande wa vidonge vyenyewe. Usisahau ukingo wenye namba ya toleo na tarehe ya kuisha muda; mara nyingi haukupigwa wino bali umegandamizwa tu, na unasomeka kwa mwanga wa pembeni.

Kuanzia leo usikate karatasi hiyo vipande vipande, na uanze kutoa vidonge kutoka mwisho usio na jina. Wengi hufika kwa mfamasia na kipande chenye vidonge viwili na herufi tatu za katikati ya jina.

### Bahasha ya dawa kutoka dirishani

Piga picha maandishi ya mkono yote, hata yaliyofifia, kisha vidonge vilivyomo vikiwa juu ya karatasi nyeupe kando ya bahasha yake. Chini yake andika kwa maneno yako mwenyewe maana uliyopewa. "1x3" ni kidonge kimoja mara tatu kwa siku, lakini wapo wanaoisoma vidonge vitatu kwa mkupuo. Mfamasia anahitaji kujua kilichoandikwa na pia kinachomezwa.

### Kidonge kisicho na pakiti

Kiweke juu ya karatasi nyeupe kando ya rula. Piga kila upande. Kama kimechongwa herufi au namba, zima taa ya juu na uangaze tochi kutoka pembeni, karibu sawa na meza. Vivuli vitaingia kwenye michongo na herufi zitajitokeza.

Jua mpaka wa picha hiyo. Rangi na umbo havithibitishi dawa, kwa sababu viwanda tofauti hutengeneza vidonge vinavyofanana. Kidonge hicho kipeleke mkononi dukani, na usikimeze hadi kijulikane.

### Insulini, dawa za kuvuta na za maji

Zungusha chupa na upige picha mbili au tatu hadi lebo nzima ionekane. Kwa insulini namba kama 30/70 lazima isomeke, maana insulini ya mchanganyiko na ile ya haraka hazitumiki kwa namna moja. Kwa dawa ya maji, weka pichani kijiko unachopimia. Kijiko cha chai cha nyumbani si lazima kiwe mililita tano.

### Virutubisho na miti shamba

Kopo la virutubisho hubeba orodha ndefu nyuma yake. Ipige kwa vipande viwili vinavyopandana kidogo, ili kusiwe na mstari uliopotea katikati. Kalsiamu, chuma, magnesiamu na zinki ndiyo madini ambayo mfamasia atayatafuta kwanza. Kwa mfano, yanaweza kuishika dolutegraviri, iliyomo katika ARV za wengi, isiingie vizuri mwilini. Ndiyo maana mtumiaji huelekezwa namna ya kupishanisha saa.

Unga wa kwenye mfuko wa nailoni hausomeki kwa picha hata ukiwa na kamera ya filamu. Upige hata hivyo, lakini andika kando: uliambiwa ni nini, unatibu nini, unatumia vijiko vingapi, umeupata wapi. Kuwa mwangalifu zaidi na "dawa ya asili" ya magoti au mgongo inayoleta nafuu ndani ya saa chache. Bidhaa za namna hiyo zimewahi kukutwa zimechanganywa kwa siri na dawa za kiwandani, kama diklofenaki ya maumivu au deksamethasoni ya kutuliza uvimbe, na mfamasia atataka kulijua hilo kabla hajasema lolote.

Umefaulu kama mtu ambaye hajaona pakiti anaweza kukuza picha kwenye simu yako na kusoma kwa sauti jina la kemikali na miligramu. Akisita, rudia picha hiyo hapo hapo.

## Hatua ya 5: Andika ukurasa ambao picha haiwezi kuusema

Picha inaonyesha kilichopo nyumbani, si kinachomezwa. Chukua karatasi na kwa kila namba uandike mambo manne: kinamezwa kiasi gani na saa ngapi kwa kweli, kwa ajili ya nini, tangu lini, na nani alikitoa. Kama dawa imeandikwa mara mbili kwa siku lakini mama humeza ya asubuhi tu kwa sababu ya usiku humfanya aamke kukojoa, andika hivyo hivyo. Asionewe aibu, taarifa iliyosafishwa humpotosha mfamasia.

Juu ya ukurasa weka umri, uzito, mimba au kunyonyesha, magonjwa yanayojulikana, dawa iliyowahi kumletea mzio na ulikuwaje, na vipimo vya presha au sukari vya karibuni. Kama kuna majibu ya kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi, yapige picha yakiwa na tarehe. Dawa nyingi hutolewa mwilini na figo, na bila jibu hilo mfamasia anakuwa na nusu tu ya hesabu.

## Hatua ya 6: Tuma bila kuharibu picha wala siri

WhatsApp hubana picha, na maandishi madogo ndiyo hufa kwanza. Bonyeza alama ya HD juu ya picha kabla ya kutuma, au itume kama faili kupitia `Document`. Ukituma kama faili, zima kwanza kwenye kamera mpangilio wa kuhifadhi mahali, kwa sababu faili hubaki na taarifa zake zote, ikiwemo picha ilipopigwa.

Ziba kwa kipande cha karatasi namba ya kadi ya kliniki na namba ya simu. Usizibe jina la dawa, kipimo wala tarehe. Tuma kwa mfamasia mmoja unayemjua, kamwe si kwenye kundi la familia: orodha ya dawa hutaja magonjwa ya mtu waziwazi kuliko cheti cha daktari.

Hakikisha anayepokea ni mfamasia. Tanzania, kwa mfano, duka la dawa muhimu huhudumiwa na mtoa dawa aliyepewa mafunzo maalumu, na si lazima awe mfamasia. Kwa orodha ndefu tafuta famasi yenye mfamasia aliyesajiliwa, au dirisha la dawa la hospitali ya wilaya au mkoa.

Mpangilio wa kutuma: kwanza ukurasa wa maelezo, kisha picha moja ya dawa zote zikiwa na namba zake, kisha moja moja kuanzia namba 1. Malizia na swali lililo wazi, kama: "Mama amevimba miguu wiki mbili sasa, na presha haishuki. Kuna dawa hapa inayochangia?"

## Mfano mmoja mpaka mwisho

Tuchukue mfano wa mama wa miaka 68 anayeishi Morogoro, ana presha, sukari na maumivu ya magoti. Binti yake ametuma picha ya kwanza ya dawa zote kitandani. Kilichoonekana: dawa mbili za presha, ya sukari, aspirini, na "za maumivu". Hakuna la kushtua.

Akarudia kwa kufuata hatua hizi, na orodha ikawa hivi:

1. Losatani 50 pamoja na haidroklorothayazidi 12.5 katika kidonge kimoja, asubuhi
2. Amlodipini miligramu 5, imeongezwa miezi miwili iliyopita kwa sababu presha ilipanda
3. Metfomini miligramu 500, mara mbili
4. Aspirini miligramu 75
5. Bahasha iliyoandikwa "magoti 1x2". Kwenye bati ndani yake inasomeka diklofenaki 50
6. Boksi la dawa ya maumivu kutoka duka la mtaani, kidonge kimoja mara mbili. Ubavuni: diklofenaki 50 na parasetamoli 500
7. Parasetamoli 500, vidonge viwili mara tatu
8. Unga wa mlonge, kijiko kimoja kwenye uji

Namba 5 na 6 zina majina tofauti na rangi tofauti, ila ndani ni diklofenaki ile ile. Jumla ni miligramu 200 kwa siku, wakati kiwango cha juu cha kawaida kwa mtu mzima ni 150. Parasetamoli nayo imejificha namba 6: gramu moja, na gramu tatu za namba 7, jumla gramu nne. Huo ndio ukomo wa mtu mzima, na kwa mzee mwenye uzito mdogo tayari ni nyingi.

La tatu ni zito zaidi. Losatani, dawa ya kukojoza iliyomo namba 1, na diklofenaki zikikutana hupunguza damu inayosukumwa kuchujwa kwenye figo, kila moja kwa njia yake. Figo zikilegea, metfomini hutoka mwilini polepole na kurundikana. Diklofenaki pia huzuia chumvi na maji kutoka, ikapandisha presha. Basi inawezekana kabisa amlodipini iliongezwa kutibu presha iliyopandishwa na dawa ya magoti, na amlodipini yenyewe huweza kuvimbisha miguu. Juu ya hayo, aspirini na diklofenaki pamoja huongeza hatari ya kutokwa damu tumboni.

Mfamasia hapo hatabadilisha dawa za presha kwa ujumbe wa simu. Ataomba namba 5 na 6 zisimamishwe, parasetamoli ipunguzwe, kreatinini na potasiamu zipimwe, na mama arudi kwa daktari na orodha hiyo mkononi. Kuhusu mlonge atauliza kama sukari imewahi kushuka mno, kwa kuwa unaweza kuongeza nguvu ya dawa ya sukari.

Kilichofungua yote ni picha ya ubavu wa boksi namba 6.

## Yanayoharibika mara kwa mara

Picha ni safi lakini jina halipo. Umepiga upande wa vidonge tu. Geuza bati.

Mfamasia anasema hajaona miligramu. Dawa moja hutoka kwa nguvu tofauti. Losatani ipo ya 25, 50 na 100, na mabati yake huweza kufanana.

Maandishi ni ya lugha usiyoijua. Hutokea kwa dawa zilizoletwa na ndugu kutoka Oman, India au Uturuki. Piga pande zote bila kuchagua, pamoja na karatasi ya maelezo iliyo ndani. Jina la kemikali mara nyingi huandikwa pia kwa herufi za Kilatini.

Tarehe imepita. Ipige na uitume pia, ukiandika kama bado inamezwa.

## Wakati unasubiri jibu

Usiache dawa ya presha, moyo, kifafa, sukari, kuzuia damu kuganda wala ARV kwa sababu tu umeanza kuwa na wasiwasi. Kuziacha ghafla kunaweza kuleta madhara makubwa kuliko muingiliano unaouogopa. Usianze dawa mpya ya maumivu pia.

Zipo dalili zisizongoja jibu la simu: choo cheusi kama lami, kutapika damu, uso au ulimi kuvimba, kushindwa kupumua, kuzimia, kuchanganyikiwa, mkojo kupungua sana. Nenda hospitali, na uchukue dawa zenyewe kwenye mfuko pamoja na ukurasa wa maelezo.

## Hatua ya 7: Hifadhi na urekebishe

Weka picha zote kwenye albamu moja ya simu yenye jina la mtu na mwezi, mfano "Mama dawa Juni", na nakala ya ukurasa wa maelezo kwenye kadi yake ya kliniki. Dawa ikiongezwa, ikiachwa au ikibadilishwa kiwanda, piga picha hiyo moja tu, uipe namba mpya, na ufute ya zamani kwenye orodha kwa mstari mmoja unaoacha jina likisomeka, pamoja na tarehe ya kuacha. Namba iliyoachwa usiipe dawa nyingine: mfamasia akirudi kwenye mazungumzo ya miezi mitatu iliyopita, namba 5 iwe bado ni diklofenaki.